Kukokotoa malipo ya saa za ziada: siku ya kazi, wikendi na sikukuu (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: mfanyakazi anayeshika hati ya malipo asiielewe, na karani wa mishahara aliyeachiwa daftari la mahudhurio na kuambiwa amalize leo. Nimetumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Viwango vya mfano ni hivi: saa ya ziada siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu (1.5), wikendi mara mbili (2), na sikukuu mara mbili na nusu (2.5). Vya kwako vimeandikwa kwenye mkataba wako au kwenye sheria ya kazi inayokuhusu. Namba zikibadilika, njia ya kukokotoa ni hii hii.

Kwa nini nisijumlishe saa zote za ziada, nichukue wastani wa viwango vitatu, nizidishe mara moja tu?

Kwa sababu wastani wa 1.5, 2 na 2.5 ni 2 daima, hata kama hukugusa sikukuu mwezi mzima. Chukua saa 20 za ziada na saa ya kawaida yenye thamani ya 2,000. Kwa wastani utapata 80,000. Sasa tuseme kati ya hizo, saa 14 zilikuwa siku za kazi, 4 wikendi na 2 sikukuu. Malipo halisi ni 42,000 na 16,000 na 10,000, yaani 68,000. Umelipa 12,000 zaidi ya inavyostahili. Mwezi mwingine, saa nyingi zikiangukia sikukuu, utampunja mtu kwa njia hiyo hiyo.

Mimi huona kila saa kama kitu kinachoingia kwenye kikapu kimoja kati ya vitatu. Kuzidisha hakumshindi mtu. Kazi ngumu ni kujua saa iingie kikapu gani, na karibu ugomvi wote ninaouona huanzia hapo.

Ninalipwa kwa mwezi. Thamani ya saa yangu moja naipataje?

Unagawanya mshahara wa msingi kwa idadi ya saa za kawaida za mwezi, na hapo ndipo watu hupotea kabla hata hawajafika kwenye saa za ziada.

Mfanyakazi wa mfano wetu ana mshahara wa msingi wa 390,000. Anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, akipumzika saa moja mchana bila malipo. Hiyo ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mwaka una wiki 52 na miezi 12, kwa hiyo saa za mwezi wa wastani ni 45 mara 52, gawa kwa 12. Jibu ni 195. Mshahara wa 390,000 ukigawanywa kwa 195 unatoa 2,000 kwa saa.

Makosa mawili hujitokeza sana hapa. La kwanza ni kugawanya mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 8. Ni sawa na kugawanya kwa 240, kana kwamba mtu hufanya kazi kila siku ya mwezi, Jumapili zikiwemo. Saa inashuka hadi 1,625. La pili ni kusema mwezi una wiki nne, basi saa ni 180. Saa inapanda hadi 2,166.67, kwa sababu mwezi wa wastani una wiki nne na theluthi moja. Kosa la kwanza humuumiza mfanyakazi, la pili mwajiri. Nimeona la kwanza mara nyingi zaidi, wala sishangai.

Baadhi ya mikataba hutaja wazi namba ya kugawia. Ikitajwa, tumia hiyo, mradi isiwe chini ya haki ambayo sheria inakupa.

Posho zinaingia kwenye hesabu ya saa?

Angalia maneno. Mkataba ukisema "mshahara wa msingi", posho ya nyumba au ya usafiri inabaki nje. Ukisema "mshahara wa kawaida" au "ujira", posho isiyobadilika kila mwezi huenda ikawa ndani, na hapo sheria ndiyo huamua. Usipuuze tofauti hiyo: posho ya 58,500 ikiingizwa kwenye mfano wetu, saa inatoka 2,000 na kuwa 2,300.

Nionyeshe basi mwezi mzima unavyopangwa kwenye vikapu.

Haya ndiyo yaliyomo kwenye daftari la mahudhurio la mfanyakazi wetu, nje ya kazi yake ya kawaida:

- Jumanne alibaki hadi saa 2 na nusu usiku.
- Alhamisi alibaki hadi saa 3 na nusu usiku.
- Jumamosi aliitwa, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana.
- Jumapili aliingia saa 4 usiku, akatoka saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuwa sikukuu.
- Jumatatu hiyo hiyo alirudi saa 8 mchana hadi saa 12 jioni.

Jumanne ni saa mbili na nusu baada ya saa 12 jioni, Alhamisi tatu na nusu. Kikapu cha siku za kazi kina saa 6. Jumamosi ni saa 5, zote za wikendi. Mambo mawili ya mwisho yanahitaji kufikiriwa kidogo, kila moja kwa swali lake.

Zamu ikivuka saa 6 usiku, inahesabiwa siku gani?

Pasipo maelezo mengine kwenye mkataba, inakatwa saa 6 usiku kamili. Zamu ya mfano wetu, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 9 usiku, ina saa 5. Mbili za kwanza ni za Jumapili na zinaingia kikapu cha wikendi. Tatu za mwisho tayari ni Jumatatu, yaani sikukuu. Kwa hiyo wikendi sasa ina saa 7, na sikukuu imeanza na saa 3.

Ipo mikataba inayosema zamu yote huhesabiwa kwa siku iliyoanza. Kwa mkataba wa namna hiyo, saa zote 5 ni za Jumapili, na mfanyakazi wetu anapoteza nusu ya saa mara tatu, yaani 3,000. Lakini kanuni hiyo ikifuatwa, ifuatwe pia sikukuu inapoisha: aliyeingia usiku wa sikukuu akatoka alfajiri ya siku ya kazi alipwe zamu yote kwa 2.5. Kinachokera ni ofisi inayokata saa 6 usiku ikiwa kukata kunapunguza malipo, na kuacha kukata ikiwa kunayaongeza.

Tunaandika saa kwa Kiswahili, mfumo unataka saa 24. Kuna tatizo?

Lipo, tena halionekani kwa macho. Nilipokuwa nikikagua mishahara mahali fulani, nilikuta mlinzi ameandika Ijumaa "saa 2 hadi saa 8". Alimaanisha saa 2 usiku hadi saa 8 usiku. Karani akaingiza 02:00 hadi 08:00. Jumla ya saa ni sita kwa vyovyote, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ila kazi ilifanyika 20:00 hadi 02:00: saa nne za Ijumaa na mbili za Jumamosi. Kwa viwango vya mfano wetu alistahili malipo ya saa 10 za kawaida, akalipwa 9. Saa yenyewe haikupotea, imewekwa tu kwenye kikapu kisicho chake.

Dawa ni daftari lenye safu ya "asubuhi, mchana, jioni, usiku", au kila mtu aandike kwa saa 24 tangu mwanzo.

Kuna mtego wa pili ndani ya lugha yetu. Kwa hesabu ya jadi siku huanza jua linapozama, na ndiyo maana mzee akisema "usiku wa Jumatatu" huenda anamaanisha usiku ambao mfumo wa mishahara unauita Jumapili. Mwajiri huhesabu siku kuanzia saa 6 usiku. Andika tarehe, usiandike jina la usiku.

Sikukuu imeangukia siku yangu ya kazi nami nikafanya kazi. Hiyo 2.5 ni juu ya mshahara wangu, au mshahara wangu umo ndani yake?

Hili ndilo swali lenye fedha nyingi kuliko yote, nami nitalikalia kidogo.

Wewe unayelipwa kwa mwezi, sikukuu iliyoangukia Jumatatu tayari umelipwa. Imo ndani ya zile 390,000, ufanye kazi au ulale. Kila saa kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni ya siku hiyo ina "moja" yake ndani ya mshahara. Ukiingia kazini saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, saa nne, mkataba unaosema "saa za sikukuu zitalipwa mara mbili na nusu" unaweza kusomwa kwa namna mbili:

1. Jumla ya unachopata kwa saa hiyo ni 2.5. Moja umeshapewa, unaongezwa 1.5. Saa nne zinaleta 12,000 za nyongeza.
2. Unapewa 2.5 juu ya kile ulichokwisha kulipwa. Saa nne zinaleta 20,000.

Tofauti ni 8,000 kwa alasiri moja. Tafuta maneno kama "pamoja na mshahara wake wa kawaida", "kwa jumla" au "badala ya". Yasipokuwepo, angalia ofisi imelipaje sikukuu zilizopita, kisha omba tafsiri iandikwe kabla ya sikukuu ijayo. Mkataba wa mfano wetu una neno "kwa jumla", kwa hiyo tunaongeza 1.5.

Tahadhari: hoja ya "moja umeshalipwa" inahusu tu saa zilizo ndani ya ratiba yako ya kawaida. Zile saa tatu za usiku, kati ya saa 6 na saa 9, hazimo kwenye mshahara wa mtu yeyote anayeanza kazi saa 2 asubuhi. Hizo zinalipwa 2.5 kamili hata kwa tafsiri ya kwanza. Jumatatu moja, mfanyakazi mmoja, sikukuu moja, na bado kuna hesabu mbili.

Aliyeajiriwa kwa saa au kwa siku, na ambaye asipoingia sikukuu halipwi chochote, hana "moja" iliyotangulia. Analipwa 2.5 kamili.

Jumla yake sasa ni kiasi gani?

| Kikapu | Saa | Mara | Saa zenye uzito |
|---|---|---|---|
| Siku za kazi | 6 | 1.5 | 9 |
| Wikendi | 7 | 2 | 14 |
| Sikukuu, nje ya ratiba | 3 | 2.5 | 7.5 |
| Sikukuu, ndani ya ratiba | 4 | 1.5 | 6 |

Saa zenye uzito ni 36.5. Zidisha kwa 2,000, unapata 73,000, inayoongezwa juu ya 390,000. Kwa tafsiri ya pili ya sikukuu ingekuwa 81,000.

Napenda safu hiyo ya saa zenye uzito kuliko safu ya fedha. Mshahara ukipanda katikati ya mwaka, uzito haubadiliki, unabadilisha thamani ya saa tu. Tena unaweza kulinganisha watu wawili wenye mishahara tofauti bila kutaja mshahara wa yeyote.

Sikukuu ikiangukia Jumapili, nazidisha 2 kwa 2.5?

Hapana, labda mkataba useme hivyo kwa maneno yake, nami sijawahi kuona unaosema. Kuzidisha kungetoa mara 5. Kuna wanaojumlisha nyongeza: moja ya msingi, moja ya wikendi, moja na nusu ya sikukuu, ikawa 3.5. Mkataba ukinyamaza, kanuni iliyo rahisi kuitetea ni kuchukua kiwango kikubwa peke yake, yaani 2.5. Saa moja, kikapu kimoja. Angalia pia kama sikukuu hiyo inahamishiwa Jumatatu, maana hapo Jumapili inabaki wikendi ya kawaida au siku zote mbili zinakuwa sikukuu, kulingana na sheria inayokuhusu.

Saa zangu za Jumamosi zilikuja baada ya kutimiza 45 za wiki. Si ni za ziada na za wikendi kwa pamoja?

Ni za wikendi tu, kwa sababu ile ile. Mifumo mingine huzihesabu mara mbili: mara moja kama saa zilizozidi 45, mara nyingine kama saa za Jumamosi. Malipo yakikuzidi ghafla, chunguza hapo kabla ya kufurahi, maana mwezi ujao zitakatwa.

Swali la upande wa pili ni gumu zaidi: ulikosa kazi Jumatano, ukafanya kazi Jumamosi, wiki nzima hukufikisha 45. Je, Jumamosi ni ya wikendi? Inategemea kiwango cha 2 kimefungwa kwenye nini. Kikifungwa kwenye *siku*, unalipwa 2 hata kama wiki haikutimia. Kikifungwa kwenye *saa za ziada zinazofanywa siku hiyo*, lazima kwanza zivuke 45.

Lahajedwali yangu inatoa namba za ajabu. Kwa nini?

Mara nyingi ni dakika. Saa mbili na nusu ni 2.5, si 2.30. Ukiandika 2.30 na 3.30 kwa Jumanne na Alhamisi za mfano wetu, unapata saa 5.6 badala ya 6, na 1,200 zimeyeyuka.

Pia, lahajedwali huhifadhi muda kama sehemu ya siku: saa 12 kwake ni 0.5. Lazima uzidishe kwa 24. Zamu inayovuka saa 6 usiku huleta namba hasi usipotumia `MOD`. Kama B2 ni muda wa kuingia na C2 wa kutoka:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Fomula hii inatoa urefu wa zamu tu, haijui sikukuu imeanza saa ngapi. Zamu inayovuka igawe kwa mkono iwe mistari miwili. Saa za vikapu zikiwa D2 hadi D5, viwango E2 hadi E5 na thamani ya saa G1, jumla ni:

```
=SUMPRODUCT(D2:D5,E2:E5)*G1
```

Ukijumlisha muda moja kwa moja na jumla ikavuka saa 24, tumia umbo la `[h]:mm`, la sivyo saa 26 zitaonekana kama 2:00. Na usikadirishe thamani ya saa mapema. Acha desimali zake, kadirisha jibu la mwisho.

Kuna kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa?

Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, unaohusu saa za kazi viwandani, unataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na robo (1.25) ya kiwango cha kawaida. Unazifunga nchi zilizouridhia, na sheria ya nchi inaweza kuweka kiwango cha juu zaidi. Viwango vya wikendi na sikukuu vitafute kwenye sheria ya nchi na mkataba wako.

Hati yangu ya malipo inaonyesha jumla tu. Nitajuaje kosa limetokea wapi?

Kokotoa mwenyewe kwanza, kisha linganisha. Tofauti yenyewe husema mengi. Tuseme mfanyakazi wetu anatarajia 73,000:

Amepata 59,312.50: gawanya kwa 73,000, unapata 0.8125, ambayo ni 195 gawa kwa 240. Saa zimepangwa sawa, tatizo ni namba ya kugawia. Amepata 79,083.33: wametumia wiki nne.

Amepata 70,000: zamu ya usiku yote imewekwa Jumapili. Amepata 71,800: ni zile dakika.

Amepata 41,000: hili ndilo baya kuliko yote. Pungufu ni 32,000, ambayo ni saa 16 kamili kwa 2,000 kila moja. Karani ameichukua ile hoja ya "moja umeshalipwa" akaitumia kila mahali, akalipa 0.5 siku za kazi, 1 wikendi na 1.5 sikukuu. Saa 16 ndizo zilizokuwa nje ya ratiba, na hakuna mshahara uliokwisha kuzilipa. Pungufu lolote linalogawanyika kikamilifu kwa thamani ya saa yako litilie shaka kwa namna hiyo. Unapokwenda ofisini, peleka jedwali la vikapu pamoja na tarehe za kila saa. Ukienda na jumla peke yake mtabishana jumla, na karani ana jumla yake pia.